Mvi, kipara na umri wa mtu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yanakuja kila siku kwa sura tofauti tofauti. Kuna anayeuliza kwa sababu ameona mvi kichwani kwake akiwa na miaka 24 na ameingiwa na hofu, kuna anayebishana na mwenzake kuhusu umri wa mtu kwenye picha, na kuna wanaotaka kujua kama daktari au polisi anaweza kupima umri kwa unywele. Nimeyakusanya hapa, mengine nimeyajibu kwa urefu na mengine kwa mistari miwili tu maana hayahitaji zaidi.

Jibu la haraka haraka: naweza kujua umri wa mtu kwa kuangalia nywele?

Umri kamili, hapana. Unaweza kupata makisio yenye upana wa miaka 20 hivi, na hata hapo mtu mmoja kati ya watatu atakuponyoka. Mvi zinasema kitu kidogo kuhusu umri, kipara kinasema kidogo hata kuliko mvi, na mtu asiye na mvi kabisa hakuambii karibu chochote mpaka uhakikishe kwanza hajapaka rangi.

Mvi zinaanza umri gani kwa kawaida?

Inategemea sana asili ya mtu. Kwa watu wenye asili ya Ulaya wastani wa kuanza ni kama miaka 34, kwa watu wa Asia ni mwishoni mwa thelathini, na kwa watu wenye asili ya Afrika ni kama miaka 44. Watu wengi wanaishia hapo kwenye wastani, na hapo ndipo makosa yanapoanzia, kwa sababu huo wastani unapishana kwa miaka kama 10 kila upande. Maana yake ni kwamba ukichukua watu wengi wenye asili ya Afrika, theluthi mbili yao mvi zitaanza popote kati ya miaka 34 na 54, na theluthi iliyobaki itaanza kabla au baada ya hapo. Sasa kitu ambacho mwanzo wake tu una upana wa miaka 20, utakitumiaje kumwambia mtu "wewe una 47"?

Madaktari wa ngozi wana mipaka yao ya kusema mvi zimewahi: kabla ya miaka 20 kwa mtu mwenye asili ya Ulaya, kabla ya 25 kwa wa Asia, na kabla ya 30 kwa mwenye asili ya Afrika. Kwa hiyo kijana mweusi wa miaka 31 mwenye mvi tatu nne yuko ndani ya kawaida kabisa, hata kama wenzake wanamwita mzee.

Nimesikia ukifika 50, nusu ya watu wana nusu ya kichwa nyeupe. Ni kweli?

Hiyo kanuni imesambaa sana, nadhani kwa sababu namba zake zinakaa vizuri mdomoni. Mwaka 2012 ulichapishwa utafiti uliowaangalia watu zaidi ya 4,000 kutoka sehemu mbalimbali za dunia, na walipofika kwenye hiyo kanuni ikaporomoka. Wenye angalau nusu ya kichwa nyeupe wakiwa na miaka 50 walikuwa kati ya asilimia 6 na 23 tu, kutegemea asili na rangi ya nywele ya mwanzo.

Ila ndani ya utafiti huohuo kuna namba nyingine ambayo kwangu ndiyo yenye faida zaidi kwa swali letu. Kwa watu wa miaka 45 hadi 65, asilimia 74 walikuwa na mvi. Igeuze hiyo namba: karibu mtu mmoja kati ya wanne, katika umri ambao wengi tunauita utu uzima wenyewe, hakuwa na mvi. Kwa hiyo ukimwona mtu kichwa cheusi tii ukasema "huyu hajafika 40 bado", unaweza kuwa unaongea na mtu wa 60.

Kwani mvi inatokeaje? Nywele inazeeka?

Unywele wenyewe hauzeeki kwa maana hiyo, maana ukishatoka nje ya ngozi umeshakufa. Kinachobadilika ni kiwanda kilichoko chini. Kila unywele unaota kwenye kishimo chake, na chini ya kishimo kuna seli zinazotengeneza melanini, ile rangi, na kuiingiza kwenye unywele wakati unajengwa. Hizo seli hazidumu milele. Unywele wa kichwani unakua kwa miaka kadhaa, kati ya 2 na 6 hivi, halafu unapumzika kama miezi mitatu, unadondoka, na mwingine unaanza. Kila mzunguko mpya unahitaji seli mpya za rangi, na hizo zinatoka kwenye akiba ya seli shina iliyoko juu kidogo kwenye kishimo hichohicho. Akiba ikiisha, au seli zikibaki zimekwama kwenye akiba bila kushuka kwenda kazini (hilo la kukwama limeonekana kwa panya, utafiti wa mwaka 2023), unywele unaofuata unatoka bila rangi. Ni kama kalamu iliyoishiwa wino, maneno uliyokwishaandika yanabaki, yanayofuata ndiyo hayaonekani.

Na kila kishimo kina akiba yake na ratiba yake, ndiyo maana kichwa hakibadiliki chote kwa siku moja. Hata hiyo rangi ya kijivu unayoiona kwa mbali, ukisogea karibu utakuta nywele nyeusi na nyeupe zimechanganyika, na chache ambazo rangi yake imefifia katikati.

Kwa hiyo mvi inapima akiba ya seli za rangi kwenye vishimo vya nywele. Haipimi mifupa, moyo wala ubongo. Akiba hiyo umezaliwa nayo kwa kiasi kikubwa, na kasi ya kuisha unairithi. Mwaka 2016 watafiti waliochunguza zaidi ya watu 6,000 wa Amerika ya Kusini na Kati walitambua jeni ya kwanza kuhusishwa na mvi, inaitwa IRF4, ambayo ilishajulikana kuhusika na rangi ya nywele. Ni jeni moja tu kati ya mambo mengi, lakini inatosha kueleza kwa nini mtu ambaye baba yake alikuwa mweupe kichwani akiwa na 35 asishangae naye akifuata njia hiyo.

Mvi zikianzia sehemu fulani ya kichwa zinasema kitu?

Kidogo, na hapa ndipo kwenye uhondo kwa mtu anayependa kukisia. Kwa wanaume wengi mvi zinaanza kwenye panja na pembeni juu ya masikio, zinapanda utosini, na kisogoni zinafika mwisho. Ndevu mara nyingi zinatangulia kichwa, hasa kidevuni, kwa hiyo mwanaume mwenye kidevu cheupe na kichwa cheusi ni kitu cha kawaida kabisa kwenye miaka ya arobaini. Nyusi zinachelewa, na nywele za mwilini nazo kwa kawaida zinafuata nyuma.

Kwa hiyo kuliko kuuliza "ana mvi?" uliza "zimefika wapi?" Panja peke yake inakuambia kidogo sana. Kichwa chote cheupe, kisogo pamoja, na nyusi zimeshaanza kuwa nyeupe, hapo safari imekuwa ndefu na uwezekano wa mtu kuwa chini ya 45 unapungua sana. Haufi, ila unapungua.

Kitu kingine ambacho watu wanasahau ni rangi ya mwanzo. Unywele mweupe mmoja kwenye kichwa cheusi unaonekana kutoka upande wa pili wa chumba. Kwenye nywele za dhahabu hata mamia yanajificha. Ndiyo maana mtu mweusi anaanza mvi akiwa amechelewa zaidi lakini anagundulika mapema, na mtu wa nywele za dhahabu anaanza mapema na watu hawaoni.

Hebu nionyeshe kwa mfano. Nina picha ya mwanaume, nakisiaje?

Sawa, tuseme ni mwanaume mweusi. Kidevu ni cheupe chote, panja na pembeni nusu kwa nusu, juu kuna mvi za kuhesabika, nyusi ni nyeusi. Mstari wa nywele umerudi nyuma na utosini kuna uwazi wa duara.

Kitu cha kwanza naangalia kama kuna rangi ya kupaka. Hapa hakuna, maana mtu aliyepaka asingeacha kidevu hivyo (wapo wanaopaka kichwa na kuacha ndevu, kwa hiyo naangalia na mizizi pia).

Kitu cha pili, naweka pembeni ule upara. Kabisa. Nitasema kwa nini huko mbele.

Cha tatu, nakadiria mvi zimeanza lini. Kwa mtu mwenye asili ya Afrika, theluthi mbili wanaanza kati ya 34 na 54. Kufika alipo yeye, yaani kidevu kimeisha na pembeni ni nusu, si kazi ya miezi, tuseme imechukua kama miaka 10 ingawa kasi nayo inatofautiana mtu na mtu. Nikijumlisha napata 44 hadi 64. Halafu nakumbuka kwamba ndevu zinatangulia kichwa, kwa hiyo kidevu kinanidanganya kwenda juu, na juu ya kichwa bado ni peusi kwa sehemu kubwa, basi naegemea nusu ya chini: arobaini na kitu hadi hamsini na kitu. Nyusi nyeusi zinanipunguzia wazo la 70 na kuendelea, ila haziliondoi.

Jibu langu ni "pengine 42 hadi 58, na nisishangae akiwa nje ya hapo". Mwanaume huyohuyo, nywele zilezile, angekuwa na asili ya Ulaya ningeshusha kila kitu kwa kama miaka 10. Ona sasa: picha ni ileile, mvi ni zilezile, jibu limehama muongo mzima kwa sababu ya kitu ambacho hata si umri.

Ukinipa picha mbili za mtu huyohuyo zilizopishana miaka 10, hapo nitakuambia kwa uhakika mkubwa ipi ni ya nyuma. Kumlinganisha mtu na yeye mwenyewe kunafanya kazi vizuri. Kumlinganisha na wengine ndiko kunakoharibu.

Upara je? Mtu mwenye kipara si lazima awe mtu mzima?

Lazima awe amepita balehe, basi. Upara wa kawaida wa wanaume unahitaji vitu viwili, kurithi na homoni za kiume, hasa ile inayoitwa DHT ambayo mwili unaitengeneza kutoka kwenye testosteroni. Kwenye vishimo vya mbele na utosini, kwa mtu aliyerithi, DHT inafanya kila mzunguko wa unywele uwe mfupi kuliko uliopita na unywele utoke mwembamba zaidi, mpaka unabaki kama manyoya ya mtoto. Vishimo vya pembeni na kisogoni havijali DHT, ndiyo maana inabaki ile duara ya nywele kama kiatu cha farasi.

Mtafiti mmoja Mmarekani, James Hamilton, alionyesha jambo hili mwaka 1942 kwa kuwaangalia wanaume waliohasiwa kabla ya balehe: hawakupata upara, hata wale ambao ukoo wao ulikuwa na vipara, ila baadhi yao walipopewa testosteroni nywele zilianza kupungua. Kwa hiyo saa inaanza kuhesabu kwenye balehe. Kijana wa 18 anaweza kuanza kurudi nyuma kwenye panja, na wa 25 akawa na utosi mtupu.

Hamilton alipanga hatua za upara, na O'Tar Norwood akazirekebisha mwaka 1975, zikawa saba, na hadi leo madaktari wanazitumia. Lakini hatua ya tano haimaanishi miaka hamsini. Hatua zinasema upara umefika wapi, hazisemi umechukua muda gani kufika. Kuna mtu anatoka hatua ya pili hadi ya sita ndani ya miaka michache, na kuna anayefika hatua ya tatu akiwa na 30 akakaa hapo mpaka 75. Kwa wanaume wenye asili ya Ulaya makadirio ya kawaida ni kwamba kufika 50 kama nusu yao wana upara wa kiasi fulani, ambayo ina maana pia kwamba nusu nyingine hawana. Kwa wanaume wa asili ya Asia na Afrika kiwango ni cha chini zaidi.

Ndiyo maana kwenye ule mfano niliuweka upara pembeni. Mvi angalau zinaenda upande mmoja na watu wengi zinawafikia wakiishi vya kutosha. Upara kuna wanaume haupiti kwao kabisa.

Kwa wanawake inakuwaje?

Wanawake nao nywele zinapungua kwa umri, hasa baada ya hedhi kukoma, lakini kwa muundo mwingine: mstari wa mbele unabaki, na katikati ya kichwa ndiko kunakopungua, ukichana nywele kati unaona ile njia imepanuka. Daktari Mjerumani Ludwig alizipanga hatua hizo tatu mwaka 1977.

Tatizo la kukisia umri kwa mwanamke ni kwamba nywele zake zinapitia mengi ambayo hayana uhusiano na miaka. Kusuka kwa kukaza sana na kuvutwa na nywele za bandia kunang'oa nywele za pembeni na mbele, na mwanamke wa miaka 22 anaweza kuwa na panja iliyorudi kama ya mwanaume wa 50. Ukiangalia kwa karibu utaona tofauti: upotevu wa kuvutwa unafuata mstari wa mbele na pembeni, na mara nyingi vinywele vifupi vyembamba vinabaki ukingoni kabisa mbele ya pale palipo wazi. Na kuna ugonjwa wa makovu unaoanzia utosini na kusambaa kwenda nje, unawapata zaidi wanawake wenye asili ya Afrika, huo ukiuona usihesabu miaka, mwambie mtu aende kwa daktari wa ngozi mapema kwa sababu kishimo kikishakuwa kovu hakirudi.

Halafu kuna kunyonyoka baada ya kujifungua. Miezi miwili mitatu baada ya mtoto kuzaliwa nywele zinatoka kwa mafungu, mama anaogopa, anaonekana kachoka na kazeeka, na kwa wengi zinarudi zenyewe ndani ya mwaka. Homa kali, upasuaji, au kupungua uzito ghafla vinafanya hivyohivyo, kwa mwanamke na mwanaume.

Nina miaka 22 na mvi zimejaa. Mwili wangu unazeeka haraka?

Kwa watu wengi sana hapana, ni urithi tu. Waulize wazazi, wajomba na shangazi walianza lini, na jibu mara nyingi liko hapo.

Lakini kuna machache ya kuangalia, hasa kama kwenye ukoo hakuna aliyewahi hivyo. Upungufu wa vitamini B12 unaweza kuleta mvi mapema, na dalili zake nyingine ni uchovu, kupauka, ganzi mikononi na miguuni, ulimi kuuma. Matatizo ya tezi ya shingo nayo yamo. Vitiligo, ugonjwa wa mabaka meupe kwenye ngozi, inaweza kuondoa rangi kwenye kishungi cha nywele pamoja na ngozi iliyoko chini yake. Uvutaji sigara umeonekana kwenda pamoja na mvi za mapema katika tafiti kadhaa. Vipimo vya damu vya B12 na tezi ni vya kawaida, na upungufu ukitibiwa kuna baadhi ya watu rangi inarudi.

Kuna ugonjwa mmoja nadra sana, sindromu ya Werner, ambao kweli unazeesha mwili na mvi zinaanza kwenye miaka ya ishirini. Lakini hauji na mvi peke yake: kimo kinasimama kwenye ujana, sauti inabadilika, ngozi inakauka na kukaza, mtoto wa jicho anatokea mapema. Kama una mvi tu na mengine yako sawa, huo si wako.

Mtoto aliyezaliwa na kishungi cheupe mbele ya kichwa ni habari nyingine tena, hiyo ni seli za rangi kutofika sehemu ile tangu tumboni. Umri haumo kabisa.

Mvi nyingi maana yake nitakufa mapema?

Huko Kopenhageni, Denmark, watafiti waliwafuatilia wanaume na wanawake wapatao 13,000 kwa miaka mingi, wakaandika nani ana mvi, nani ana kipara, nani ana makunyanzi usoni, na kwa ujumla hawakuona kiwango cha mvi au kipara kikienda pamoja na kufa mapema. Kuna tafiti nyingine zimehusisha upara wa utosini na magonjwa ya moyo, lakini huo ni uhusiano wa takwimu kwenye kundi, hauwezi kumwambia mtu mmoja mwenye kipara lolote ambalo kipimo cha presha hakimwambii vizuri zaidi.

Stresi inaleta mvi? Na ikiisha zinarudi?

Kwa panya imeonyeshwa wazi mwaka 2020: mishipa ya fahamu inayowaka wakati wa hatari inamwaga kemikali karibu na ile akiba ya seli, seli zote zinakimbilia kazini kwa wakati mmoja, na akiba inaisha. Kwa binadamu ushahidi ni mdogo ila unavutia. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia walichukua nywele za watu 14, wakazipiga picha kipande kwa kipande, vipande vidogo sana, wakasoma rangi kwenye urefu wa unywele kama unavyosoma tarehe. Walikuta nywele zilizopoteza rangi na kisha kuirudisha, na kwa mtu mmoja nywele tano zilirudisha rangi kwa pamoja wakati wa likizo yake.

Msikimbilie kuomba likizo sasa. Hizo ni nywele tano, na wanaoonekana kufaidika ni wale walioko karibu na mpaka, ambao unywele umeanza kufifia juzi tu. Kichwa kilichokuwa cheupe kwa miaka 15 hakirudi kwa kupumzika.

Mtu anaweza kuota mvi usiku mmoja?

Haiwezekani, kwa sababu unywele ulioko nje umekufa na rangi yake imeshafungwa ndani. Hata hivyo habari za namna hiyo ni za zamani, maarufu zaidi ni ya malkia Marie Antoinette wa Ufaransa, aliyekatwa kichwa kwa gilotini mwaka 1793. Maelezo yanayoingia akilini ni alopesia areata, ugonjwa ambao kinga ya mwili inashambulia vishimo vya nywele na mara nyingi inalenga nywele zenye rangi bila kuzigusa zilizo nyeupe. Mtu aliyekuwa na mchanganyiko anadondosha nyeusi ndani ya siku au wiki chache, na zinazobaki ni nyeupe. Umri haujaongezeka hata siku, ila kwa macho ameruka miaka 20.

Nitajuaje kama mtu amepaka rangi?

Angalia mizizi. Nywele za kichwani zinakua kama sentimita 1 kwa mwezi, za kipilipili kidogo chini ya hapo, kama milimita 8. Ukiona milimita 5 nyeupe kwenye mizizi halafu mstari mkali kisha nyeusi, amepaka wiki mbili tatu zilizopita. Kwa nywele za kipilipili uunyooshe kwanza unywele ndiyo upime, vinginevyo utapata nusu ya urefu wake. Dalili nyingine ni weusi uleule kila mahali bila hata unywele mmoja uliofifia, doa kwenye ngozi ya panja, au nyusi nyeupe chini ya kichwa cheusi tii. Hiyo ya mwisho haina haja ya kipimo.

Dawa zinaweza kubadilisha rangi?

Zinaweza, kwa pande zote mbili. Klorokwini ikitumiwa kwa muda mrefu inaweza kufifisha rangi ya nywele. Imatinibu, dawa ya saratani ya damu, kuna wagonjwa iliwarudishia weusi kwenye mvi zao. Na dawa nyingi za saratani zinaangusha nywele zote, zikirudi zinaweza kuja na rangi au mkunjo mwingine. Utapiamlo wa kwashiakoo nao unawapa watoto nywele nyekundu zilizopauka.

Niking'oa mvi moja zinakuja mbili?

Hapana. Kishimo kimoja hakizai jirani. Ulipoing'oa hiyo moja nyingine zilikuwa njiani, basi. Ila ukizing'oa kila mara unaweza kuharibu kishimo, na upara ulioutengeneza mwenyewe unazeesha kuliko mvi.

Basi ni nini kinachopima umri vizuri kuliko nywele?

Kwa vijana, mifupa na meno: picha ya mkono inaonyesha sehemu za kukua zimefunga kiasi gani, meno ya mwisho yamefika wapi, na ncha ya ndani ya mfupa wa mtulinga inamalizia kuungana kwenye miaka ya ishirini. Hata hivyo vyote vinatoa kipindi cha miaka kadhaa, havitoi siku ya kuzaliwa. Kwa watu wazima kuna kupima alama za kikemikali kwenye DNA. Mtafiti Steve Horvath alichapisha mwaka 2013 hesabu inayosoma sehemu 353 za DNA na kukosea kwa wastani wa miaka 3.6 hivi. Linganisha na miaka 20 ya mvi.

Unywele mmoja uliookotwa sakafuni, chini ya hadubini, utaonyesha kama una rangi au hauna na kama umeng'olewa au umedondoka wenyewe. Mweupe unaweza kuwa wa mtu wa 28 au wa 82.

Na akiwa amenyoa kichwa chote je, hapo si nimekosa kila kitu?

Si kila kitu. Siku moja mbili baada ya kunyoa vidoti vya nywele vinaonekana kwenye ngozi, na vinachora ramani. Kama vimejaa sawasawa mpaka paji la uso, amenyoa kwa kupenda. Kama vimesimama kwenye mstari wa duara kutoka sikio hadi sikio na juu ni ngozi inayong'aa, upara ulikuwepo kabla ya wembe. Vidoti vyeupe kwenye ngozi nyeusi vinaonekana kwenye mwanga wa pembeni, ila kwenye ngozi nyeupe ni vigumu kuviona, na hapo ushuke uangalie ndevu.